Picha Haina Mshono: Ujumbe wa Mteja kwa Fundi wa Mosocho

Leo nataka tukae na ujumbe mmoja wa simu. Ni ujumbe ambao mteja anamwandikia fundi wa nguo kumweleza picha ya gauni analotaka kushonewa, na picha hiyo ni ya gauni ambalo hakuna mtu duniani aliyewahi kulishona. Mteja ameliunda kwenye simu yake. Shingo na sketi amezitoa kwenye gauni moja, mikono kwenye jingine, kisha yote akayafunika kwa kitenge alichonunua.

Tuuweke mfano wetu Mosocho, pale sokoni kwenye barabara ya kutoka Kisii kwenda Kisumu. Fundi ni mama wa makamo, ana cherehani chini ya baraza la duka. Mteja ni mama mwenye mtoto mchanga, na dada yake anafunga ndoa mwisho wa mwezi. Ujumbe wake ni huu, nausoma wote:

“Mama, bwakire buya. Nimekutumia picha nne. Ya kwanza ndilo gauni ninalolitaka, lakini nimeliunganisha mwenyewe kwa simu, kwa hivyo usilikate kama lilivyo. Ya pili na ya tatu ndiko nilikotoa vipande. Ya nne ni kitenge changu, nimekilaza kitandani na tepu pembeni. Kwenye picha ya pili nataka shingo na sketi. Kwenye ya tatu nataka mikono tu. Rangi ya picha ya kwanza usiiangalie, fuata kitambaa. Kiuno cha yule dada wa kwenye picha nilikipunguza, hicho nacho usikifuate. Utepe wa kiunoni ukae upande wangu wa kushoto nikiwa nimevaa. Ninanyonyesha, kwa hivyo lazima nguo ifunguke kifuani. Kitambaa ni yadi 4, tuligawana na dada. Nikikuletea nitakuwa nimekifua. Mahali pasipowezekana, nipigie kabla hujakata.”

Msikilizaji, huo ni ujumbe wa mtu aliyefikiria. Nataka tuupitie polepole, kwa sababu kila sentensi ndani yake inazuia hasara fulani, na hasara ya nguo huonekana mkasi ukishapita.

Tuanze na picha zenyewe. Watu wengi hutuma ile moja waliyoihariri, basi. Huyu ametuma na zile za asili, na hapo amemsaidia fundi kuliko maneno kurasa mbili. Simu inapounganisha magauni mawili hubandika tu, halafu hulainisha pale yalipokutana ili jicho lisione. Lakini pale palipolainishwa ndipo fundi anapotakiwa kupitisha mshono. Akiwa na picha iliyohaririwa peke yake, hajui kama kiunoni pana mshono au nguo imeshuka moja kwa moja, wala hajui kama mkono umeanzia kwenye ncha ya bega au chini yake. Akizipata picha za asili, ataviona vitu hivyo kwa jinsi fundi mwingine alivyovishona kweli.

Na hiyo ya kitambaa, msikilizaji, itume ikiwa kamili. WhatsApp hupunguza ukubwa wa picha ikitumwa kwa njia ya kawaida, na nakshi ndogo hupotea. Ukiituma kama hati, inafika ilivyo. Tepu aliyoilaza pembeni nayo ina kazi yake, tutaifikia.

Sasa rangi. Anamwambia fundi asiiangalie rangi ya picha. Huenda unakumbuka Februari 2015, picha ya gauni moja ilipozunguka mitandaoni na dunia ikagawanyika. Wengine waliona nyeupe na dhahabu, wengine wakaona buluu na nyeusi, na gauni lenyewe lilikuwa la buluu na nyeusi. Hakuna aliyekuwa ameihariri ili kudanganya. Mwanga tu wa picha ulitosha kuyavuruga macho ya mamilioni ya watu. Ukiongeza kubadilisha rangi kwa makusudi, rangi ya kwenye kioo cha simu haiwezi tena kuwa ushahidi wa kitu chochote. Fundi akinunua uzi au zipu kwa kufuata picha, atakuja na rangi isiyopatana na kitambaa. Uzi na zipu vichaguliwe kitambaa kikiwa mkononi.

Lakini kwenye kitenge, rangi si tatizo kubwa. Tatizo kubwa ni nakshi, na hapa naomba unisikilize vizuri.

Kitenge cha mama huyu kina ndege wakubwa, wote wamesimama upande mmoja. Gauni la picha ya pili lilikuwa jeusi tupu, na sketi yake ni ya mduara, ile inayozunguka mwili na kufunguka kama mwavuli. Alipopaka kitenge juu ya ile sketi nyeusi, simu ilikitandaza bapa. Kwa hiyo kwenye picha yake ndege wote wamesimama wima, mbele, ubavuni, kila mahali. Inapendeza sana. Ila hakuna mkasi unaoweza kuitoa nguo hiyo, kwa sababu sketi ya mduara hukatwa kwa kuzunguka tundu la kiuno huku kitambaa kikiwa kimelala vilevile. Ndege wakiwa wamesimama mbele, ubavuni watakuwa wamelala, na nyuma watakuwa kichwa chini. Maua madogo yaliyotawanyika yasingeonyesha tofauti, maana hayana juu wala chini. Ndege anayo miguu.

Halafu kuna kipimo. Hapo ndipo tepu ya kitandani inapozungumza. Kwenye picha iliyohaririwa ndege anaonekana mdogo kama kiganja cha mtoto, kwa kuwa mteja alimpunguza hadi akapendeza. Kwenye kitambaa halisi, tepu inasema ndege ana inchi 7 kutoka kichwani hadi mkiani. Ndege wa inchi 7 hawezi kujaa mara nne kwenye kifua cha mtu. Atajaa mara moja, labda na nusu. Kwa hiyo fundi ana uamuzi wa kufanya ambao picha imeuficha: ndege mmoja akae wapi? Kila fundi mzoefu anajua kuchunga nakshi kubwa isitue juu ya titi, moja kushoto, moja kulia, maana nguo ya aina hiyo mwenyewe huivaa mara moja na kuiweka. Ndege wa mama huyu anafaa katikati ya kifua, na mteja angeweza kuongeza sentensi moja tu: “Ndege mmoja mzima akae katikati.”

Sasa tuje kwenye hesabu ya kitambaa, kwa sababu ndiyo itakayoamua mengine yote. Vitenge kwa kawaida huuzwa kwa yadi 6, na huyu amegawana na dada yake, akabaki na 4. Yadi moja ni inchi 36, kwa hiyo ana inchi 144 za urefu, na upana wa kitambaa ni kama inchi 46. Kiuno chake ni 32. Kitenge hakivutiki, kwa hiyo fundi anaongeza inchi 1 ya kupumulia, inakuwa 33.

Ili apate tundu la kiuno la inchi 33, fundi anagawanya 33 kwa 6.28 na kupata inchi 5 na robo. Huo ndio umbali kutoka katikati ya duara hadi ukingo wa tundu la kiuno. Sketi ikiwa na urefu wa inchi 26 hadi gotini, jumla inafika inchi 31 na robo kutoka katikati hadi pindo. Duara zima basi lina upana wa inchi 62 na nusu. Upana wa kitambaa ni 46, halitoshi, kwa hiyo analikata nusu mbili. Nusu moja, pamoja na pindo na akiba ya mshono, inakula kama inchi 65 za urefu. Nusu mbili ni inchi 130. Sehemu ya juu inahitaji kama inchi 24, mikono nayo inchi 24. Jumla ni 178, na kitambaa ni 144. Gauni lile la kwenye picha halitoki kwenye yadi 4, hata fundi angekuwa bingwa wa Kisii nzima.

Hebu fikiria mteja asingetaja yadi. Fundi angejua ukweli huo siku ya kukata, au mbaya zaidi, baada ya kukata nusu ya kwanza. Kwa sababu ilitajwa, simu inapigwa mapema, na simu hiyo haina haja ya kuwa ya kukataa. Fundi anaweza kusema hivi: “Mama, tufanye sketi ya vipande 6.” Kila kipande kinakuwa chembamba juu na kipana chini. Kiunoni, 33 kugawanya kwa 6 ni inchi 5 na nusu. Pindoni akipe kila kimoja inchi 20. Pamoja na akiba ya mshono, vipande viwili vinalala sambamba kwenye upana wa inchi 46 na nafasi inabaki. Safu tatu za inchi 28 zinakula inchi 84. Ukiongeza sehemu ya juu na mikono, jumla ni 132. Kitambaa kinatosha, na hata kikirudi inchi 3 au 4 kwa kufuliwa, bado kinatosha.

Kuna kinachopotea na kuna kinachopatikana. Pindo la sketi ya mduara lingekuwa na inchi 196 za kuzunguka. Hili la vipande lina 120. Sketi haitafunguka kwa ukubwa ule wa kwenye picha mama akizunguka kucheza arusini. Lakini kila kipande kinakatwa kikiwa kimesimama, kwa hiyo ndege wote watasimama wima, mbele, ubavuni na nyuma, kama picha ilivyoahidi. Mteja ndiye wa kuchagua anachokipenda zaidi, mzunguko au ndege. Ndiyo maana ujumbe mzuri husema nini kwenye picha ni cha lazima na nini kinaweza kupungua. Fundi hawezi kukisia moyo wa mtu.

Kuhusu kufua: kitenge cha pamba hurudi kikioshwa mara ya kwanza. Kikishonwa kabla ya kufuliwa, gauni litakaa vizuri siku ya kujaribu, na baada ya kufuliwa litabana. Na kwa sisi tunaojua mvua ya mchana ya Kisii, kifue asubuhi na mapema, ukianike, uwe umekianua kabla mawingu hayajakusanyika.

Twende kwenye mikono. Gauni la picha ya pili halikuwa na mikono. Lile la picha ya tatu lina mikono iliyofura juu, kama puto. Kwa simu, mkono ulibandikwa ubavuni na kazi ikaisha. Kwa mkasi, gauni lisilo na mikono huwa na bega jembamba, kwa sababu kwapa lake limekatwa kuingia ndani. Ukichukua bega hilo na kulishonea mkono wa kufura, mkono utaanzia karibu na shingo na mtu ataonekana hana mabega. Mkono wa namna ile unataka bega lifike kwenye ncha ya mfupa, wala lisipite hapo. Kwa hiyo fundi anachukua shingo ya picha ya pili, na bega na kwapa anavichukua kwenye picha ya tatu. Mteja alisema “mikono tu”, na fundi mwelewa atajua kwamba mkono huja na bega lake.

Kufura kwenyewe kunategemea kitambaa. Gauni la tatu lilikuwa la kitambaa kikavu chenye kusimama. Kitenge kilichofuliwa huwa laini, na mkono uliokatwa kwa upana wa inchi 24 na kukusanywa marinda utavimba asubuhi na kulala jioni. Ukiutaka usimame, ndani ya kichwa cha mkono huwekwa kipande cha neti ngumu. Neti hiyo haionekani kwenye picha yoyote kati ya zile nne, na gharama yake lazima ijulikane mapema.

Sasa lile jambo ambalo picha haiwezi kulisema kabisa: ninanyonyesha. Gauni la picha ya pili lilikuwa la kitambaa kinachovutika, mtu analivaa kwa kulipitisha kichwani. Halikuwa na zipu mahali popote, kwa hiyo picha iliyohaririwa nayo haina. Gauni la kitenge lenye kiuno cha 33 halipiti kwenye mabega ya mtu bila mwanya. Fundi angeachiwa mwenyewe angetia zipu nyuma, kama kawaida, na mama angefika kanisani na mtoto anayelia na nguo isiyofunguka mbele.

Kwa sentensi ile moja, ramani yote ya gauni inabadilika, tena kwa uzuri. Fundi anaweza kukata mbele kwa mishono miwili, kila mmoja ukitoka begani, ukapita juu ya titi na kushuka hadi kiunoni, ukakutana na mshono wa kipande cha sketi. Ndani ya kila mshono anaficha zipu fupi ya inchi 8. Mtoto ananyonya, zipu inafungwa, hakuna anayeiona. Kipande cha katikati kinabaki kizima, na ndege wetu wa inchi 7 anapata mahali pake bila kukatwa. Zipu ndefu ya kuvalia inaenda ubavuni, kutoka chini ya kwapa hadi chini kidogo ya kiuno.

Ubavu upi? Mteja ametaka utepe kushoto, basi zipu iende kulia. Na ona alivyoandika: “upande wangu wa kushoto nikiwa nimevaa.” Simu nyingi hugeuza picha ya kamera ya mbele kama kioo kinavyogeuza, na programu za kuhariri zina kitufe cha kugeuza kinachobonyezwa hata kwa bahati mbaya. Kushoto kwa picha si lazima kuwe kushoto kwa mtu. Ukisema kushoto kwa mwili wako, hakuna wa kukosea.

Jambo la mwisho ni mwili. Anasema kiuno cha yule dada wa kwenye picha alikipunguza. Nchini Ufaransa, tangu tarehe 1 Oktoba 2017, tangazo la biashara lenye picha ya mwanamitindo ambaye umbo lake limepunguzwa au kuongezwa kwa kompyuta linatakiwa libebe onyo kwamba picha imerekebishwa. Mama wa Mosocho ameandika onyo lake mwenyewe, kwa hiari, kwa sentensi moja. Na ni onyo lenye faida, kwa sababu kiuno kikipunguzwa kwa simu, sketi huonekana pana zaidi na nyonga hujitokeza zaidi. Mtu aliyevutiwa na picha ile huenda amevutiwa na kiuno, akidhani ni mshono. Fundi apime mwili ulio mbele yake: kifua 38, kiuno 32, nyonga 42. Na kwa mama anayenyonyesha, kifua hubadilika ndani ya siku moja, kwa hiyo apimwe kifua kikiwa kimejaa, na mishono ya ubavuni iachiwe akiba ya inchi nzima ili iweze kufunguliwa baadaye.

Fundi naye ana sehemu yake. Akipokea ujumbe kama huu, asijibu “sawa” na kukaa kimya. Amrudishie mteja maneno yake kwa namna alivyoyaelewa: sketi vipande 6, ndege wasimame, bega lifike kwenye mfupa, zipu mbili mbele na moja kulia, neti ndani ya mikono, bei ni hii, kujaribu ni Jumatano. Na siku ya kujaribu, gauni liwe limeshikizwa tu kwa mishono mirefu ya mkono, zipu bado hazijatiwa, ili penye kasoro parekebike. Mteja aje na mtoto, akae, amnyanyue, ainue mikono. Picha hupigwa mtu akiwa amesimama wima, na arusi ya dada ni kutwa nzima ya kuketi, kuinama na kucheza.

Kwa hiyo, msikilizaji, ukikaa na simu yako kuunda gauni la ndoto yako, liunde kwa uhuru. Kabla hujabonyeza kutuma, weka na picha ulizotolea vipande. Sema umebadilisha nini, kitambaa ni yadi ngapi na nakshi yake ina ukubwa gani, gauni lifunguke wapi, na kipi huwezi kukikosa. Halafu malizia kama alivyomalizia mama yule: pasipowezekana, nipigie kabla hujakata. Fundi aliyepewa ruhusa ya kusema haiwezekani ndiye atakayekutafutia inayowezekana.